RSA au ECDHE: ufunguo wa kikao utoke wapi, na cheti kinaingiaje hapo

Wakuu, kuna swali linarudi rudi kila mtu anaposeti seva yake mwenyewe. Unafungua konfigi ya TLS, ile inayosimba mawasiliano ya https, unakuta orodha ya majina marefu, na ndani yake kuna haya mawili yanafanana kama mapacha:

```
TLS_RSA_WITH_AES_128_GCM_SHA256
TLS_ECDHE_RSA_WITH_AES_128_GCM_SHA256
```

Yote yana RSA, yote yana AES ya biti 128, kwahiyo wengi wanaona tofauti ni herufi tano tu na wanayaacha yote yakae, si yanafanya kazi bana. Kumbe hizo herufi tano ndo zinaamua kama mtu atakayeiba ufunguo wa seva yako mwakani ataweza kusoma yaliyopita leo. Nataka niziweke hizi njia mbili pembeni kwa pembeni, taratibu, mpaka uone mwenyewe ipi unaiacha na ipi unaifuta.

Kwanza tutenganishe kazi mbili

Handisheki, yaani zile salamu za mwanzo kabla data yenyewe haijaanza kupita, inajibu maswali mawili tofauti. La kwanza, wewe unayejiita seva ya domeni hii ndo wewe kweli? La pili, siri gani tutumie mimi na wewe ambayo anayesikiliza katikati hataijua? Watu wanayachanganya haya kwa sababu yote yanatokea ndani ya mara moja ya kupepesa jicho, na ukiuliza mtu "usiri unatoka wapi" anakwambia unatoka kwenye cheti. Si kweli, au tuseme ni kweli kwa njia moja kati ya hizi mbili, na ndo hapo mzozo ulipo.

Cheti chenyewe ni faili la wazi kabisa. Ndani yake kuna jina la domeni, tarehe ya kuanza na ya kuisha, ufunguo wa wazi wa seva, na saini ya mamlaka ya vyeti iliyokitoa. Brauza ikikipokea inaangalia jina linaendana na ile domeni uliyoandika, tarehe haijapita, alafu inafuata saini: cheti cha seva kimesainiwa na cheti cha kati, cha kati kimesainiwa na cheti cha mzizi, na mzizi tayari upo kwenye simu au kompyuta yako tangu ulipoinunua au ulipoiapdeti. Mnyororo ukifika kwenye mzizi unaojulikana, sawa, jina na ufunguo huu wa wazi vinaenda pamoja.

(Kapembeni kidogo: ile shida ya tovuti kufunguka vizuri kwenye brauza ya kompyuta lakini `curl` inagoma na `unable to get local issuer certificate`, mara nyingi ni seva haijatuma kile cheti cha kati. Brauza nyingi zina akiba ya vyeti vya kati au zinaenda kukitafuta zenyewe, `curl` kwa kawaida haihangaiki hivo. Tuma mnyororo mzima, yameisha.)

Sasa angalia, mpaka hapo seva haijathibitisha chochote. Cheti mtu yeyote anaweza kukikopi, mi naweza kupakua cheti cha benki yoyote sasa hivi nikakiweka kwenye seva yangu, na kila saini kwenye mnyororo itakuwa halali kabisa. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba aliyeleta cheti anao ule ufunguo wa siri ambao ni pacha wa ufunguo wa wazi ulioandikwa ndani. Na namna ya kuuleta huo ushahidi ndo inatofautisha mistari yetu miwili.

Njia ya RSA tupu

Hii ni ile ya mstari wa kwanza. Brauza inasema hello na kutuma namba ya nasibu ya baiti 32, seva nayo inajibu na ya kwake ya baiti 32 pamoja na cheti. Zote mbili zinapita wazi, msikilizaji anaziona. Baada ya hapo brauza inatengeneza siri ya baiti 48, mbili za mwanzo ni namba ya toleo la TLS na 46 zilizobaki ni za nasibu, inaifunga siri hiyo kwa ule ufunguo wa wazi uliomo kwenye cheti, inatuma. Seva inafungua kwa ufunguo wake wa siri. Sasa wote wana baiti 48 zile zile, wanazichanganya na zile namba mbili za nasibu kupata siri kuu, na kutoka kwenye siri kuu wanakata funguo za kikao, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ndio, tunasema ufunguo wa kikao kama mmoja ila kiuhalisia ni kadhaa.

Tufanye kwa namba za kitoto ili ionekane. Ufunguo wa wazi wa seva ni 55 na kipeo 3, wa siri ni 27. Brauza imechagua siri 8:

```
brauza:  8^3  mod 55 = 17     (17 ndo inapita kwenye waya)
seva:   17^27 mod 55 = 8
```

Seva imepata 8. Na ushahidi wa utambulisho uko wapi hapo? Umejificha. Mwisho wa handisheki kila upande unatuma meseji ya `Finished` ambayo ni muhtasari wa mazungumzo yote uliotengenezwa kwa siri kuu, na seva isingeweza kuitengeneza bila kuifungua ile 17. Kwahiyo kitendo cha kufungua bahasha ndo kitambulisho chenyewe. Ufunguo mmoja unafanya kazi zote mbili, unathibitisha mwenye nyumba na pia unabeba siri. Ni rahisi, ni nadhifu, mwalimu anaimaliza kwa kipindi kimoja, na ndo maana ilidumu miaka mingi sana.

Ila angalia kilichobaki kwenye waya. 17 imebaki pale. Mtu akiirekodi leo na akapata 27 miaka mitatu baadae, anafanya hesabu ile ile seva iliyofanya, anapata 8.

Njia ya ECDHE

Hapa siri haitumwi kabisa, haipiti kwenye waya hata ikiwa imefungwa. Wazo ni la Diffie na Hellman, walilichapisha 1976, na E ya mwisho kwenye jina ndo ya muhimu kuliko zote, inasema namba zinazotumika ni za mara moja, zinatengenezwa kwa ajili ya handisheki hii alafu zinatupwa. EC ni kwamba hesabu inafanyika kwenye mkunjo wa kielipsi badala ya namba za kawaida, lakini mantiki ni ile ile kwahiyo nitatumia namba za kawaida hapa.

Wote wanajua namba mbili za wazi, 29 na 2. Brauza inachagua siri yake 5, seva inachagua 11.

```
brauza:  2^5  mod 29 = 3      (inatuma 3)
seva:    2^11 mod 29 = 18     (inatuma 18)

brauza: 18^5  mod 29 = 15
seva:    3^11 mod 29 = 15
```

Wote wana 15, na kwenye waya zimepita 3 na 18 tu. Kwa namba ndogo hivi ungeweza kujaribu moja moja ukaipata 5, lakini kwa X25519, ambao ndo mkunjo utakaoukuta mara nyingi siku izi, kila upande unatuma baiti 32 na kurudi nyuma kutoka baiti hizo kwenda kwenye siri hakuna njia inayojulikana inayowezekana kwa kompyuta za kawaida.

Lakini umeona tatizo? Hakuna mahali popote kwenye hizo hesabu cheti kimetajwa. Brauza imekubaliana siri na mtu, haijui ni nani. Mtu akikaa katikati na namba yake 9, anahesabu 2^9 mod 29 anapata 19, anampa brauza 19 badala ya 18 na anampa seva 19 badala ya 3. Brauza inaishia na 19^5 mod 29 ambayo ni 21, seva inaishia na 19^11 mod 29 ambayo ni 27, na jamaa wa katikati anazo zote mbili, maana 3^9 inampa 21 na 18^9 inampa 27. Anafungua huku, anasoma, anafunga upya anapeleka kule, na hakuna anayehisi chochote. Diffie-Hellman peke yake ni siri nzito unayompa usiyemjua.

Hapo ndo cheti kinaingia, na kinaingia kwa kazi moja tu. Seva inachukua ile 18 yake pamoja na namba mbili za nasibu za mwanzo, inazisaini kwa ufunguo wa siri wa cheti, inatuma saini. Brauza inaikagua kwa ufunguo wa wazi uliomo kwenye cheti. Jamaa wa katikati akibadilisha 18 kuwa 19 saini inavunjika, na hawezi kutengeneza nyingine kwa sababu hana ufunguo. Hawezi pia kurudisha saini ya jana, maana namba ya nasibu ya brauza imebadilika. Kwenye TLS 1.3 wameenda mbali zaidi, saini inafunika muhtasari wa mazungumzo yote mpaka hapo, si namba hizo chache tu, kwahiyo hata orodha ya mitindo ya usimbaji, yale majina marefu ya mwanzo, ambayo brauza ilisema inaiweza haiwezi kuchezewa.

Kwahiyo sasa soma ule mstari wa pili upya, `TLS_ECDHE_RSA`: siri imetoka kwa ECDHE, RSA ni ya kusaini tu. Kwenye mstari wa kwanza RSA ndo imebeba siri. Neno moja, kazi mbili tofauti kabisa, na kusema ukweli waliopanga haya majina wametutesa.

Mtu mmoja, rekodi mbili

Tuchukue kesi moja tuifuate mpaka mwisho. Mtu yuko mahali fulani kwenye njia ya mtandao, Januari anarekodi trafiki ya seva mbili, A inatumia RSA tupu na B inatumia ECDHE. Hasomi kitu, anahifadhi tu, diski ni rahisi. Oktoba anapata funguo za siri za vyeti vya seva zote mbili. Zilivujaje? Inaweza kuwa bakapu iliyosahaulika mahali, mfanyakazi aliyeondoka na laptopu, au bagi kama Heartbleed ya Aprili 2014, ambapo seva zenye OpenSSL yenye kasoro hiyo zilikuwa zinamwaga mpaka kilobaiti 64 za memori kwa kila ombi, na ikathibitika kwamba ufunguo wa siri wenyewe unaweza kutoka humo.

Kwa seva A anafungua rekodi, anachukua namba ya nasibu ya brauza kutoka `ClientHello`, ya seva kutoka `ServerHello`, alafu anaenda `ClientKeyExchange` ambapo kwa ufunguo wa biti 2048 kuna baiti 256 za siri iliyofungwa. Anaifungua, anapata baiti 48, anapitisha kwenye hesabu ile ile ya kila mtu, anapata funguo za AES. Kila pasiwedi, kila meseji, kila faili lililopita tangu Januari liko wazi mbele yake. Mwenye seva akibadilisha cheti Oktoba hiyo hiyo haisaidii chochote kwa yaliyopita. Na akichukua cheti kipya kwa ufunguo ule ule wa zamani, kitu ambacho watu hufanya bila kujua, haisaidii hata kwa yajayo.

Kwa seva B anakuta namba mbili za nasibu, baiti 32 za brauza, baiti 32 za seva, na saini. Ufunguo aliouiba unaweza kumtengenezea saini nyingine, basi. Hauna uhusiano wowote wa kihesabu na ile siri ya mara moja, na siri yenyewe ilishafutwa kwenye memori ya seva sekunde handisheki ilipoisha. Rekodi za Januari zimebaki takataka.

Hii niliigusa kwa mikono kabla sijaielewa vizuri. Niliwahi kupewa faili la paketi na ufunguo wa seva nitafute kwa nini maombi fulani yanakatika, nikaweka ufunguo kwenye Wireshark, baadhi ya vikao vikafunguka kama kitabu na vingine vikakataa kata kata. Nikahangaika nusu siku nikidhani nimepewa ufunguo usio sahihi. Ufunguo ulikuwa sahihi. Vilivyofunguka vilikuwa vya kifaa kimoja cha zamani kinachoongea RSA tupu, vilivyokataa ni ECDHE. Kwa hivyo vya pili Wireshark inahitaji faili la siri za kikao kutoka upande mmoja wapo, lile linaloandikwa ukiweka `SSLKEYLOGFILE`, ufunguo wa cheti pekee hauna la kufanya.

Wanaoitetea RSA tupu wana hoja?

Wana moja, na ni hiyo hiyo niliyoisema sasa hivi ukiigeuza. Ukiwa na kifaa cha ukaguzi ndani ya mtandao wako, unakipa ufunguo wa seva kinakaa pembeni kinasoma kila kitu bila kugusa trafiki. Ukihamia ECDHE kifaa hicho kinakuwa kipofu, itabidi uweke proksi inayomaliza TLS hapo mbele au usafirishe siri za kila kikao kwenda kwenye mkaguzi. Ni kazi zaidi, sikatai. Lakini angalia unachokitetea: mtandao ambao faili moja la ufunguo linafungua historia yote, na umeshalikopi kwenda kwenye kifaa cha pili.

Zamani pia walisema RSA ni nyepesi kwa prosesa, ila kwa mikunjo ya sasa hiyo hoja imekufa, sitapoteza muda nayo.

Na kuna tatizo lingine la RSA tupu ambalo halihitaji hata ufunguo kuvuja. 1998 Daniel Bleichenbacher alionyesha kwamba seva ikijibu tofauti kidogo inapopokea bahasha yenye mpangilio mbovu ndani kuliko inapopokea yenye mpangilio sahihi, mshambuliaji anaweza kuituma bahasha aliyoirekodi ikiwa imebadilishwa badilishwa mara nyingi sana, na kwa kuangalia majibu tu akajikusanyia siri iliyomo. Dawa ni seva ijifanye kila kitu kiko sawa, ikiona mpangilio mbovu iweke baiti 48 za nasibu iendelee kimya kimya mpaka ifeli kwenye `Finished`. Inasikika rahisi, lakini lazima hata muda wa kujibu usitofautiane. Miaka 19 baadae, 2017, watafiti walirudi na shambulio lile lile wakaliita ROBOT wakakuta bidhaa za makampuni makubwa bado zinavuja. Mi nikiona kosa linarudi miaka yote hiyo mikononi mwa watu wanaojua kazi yao, naacha kulaumu wandikaji, nalaumu mtindo. TLS 1.3 ilipotoka Agosti 2018 RSA tupu iliondolewa kabisa, haimo, hata ukiitaka.

ECDHE nayo isikudanganye

Kwanza, kinga ni ya yaliyopita. Mwenye ufunguo wako wa cheti ulioibiwa akiweza kukaa katikati leo, atasaini 19 yake vizuri tu na brauza itamkubali kama ni wewe, mpaka cheti kiishe muda au kibatilishwe na brauza ijue kimebatilishwa, na hilo la mwisho huwa halitokei haraka. Ndo faida ya vyeti vya muda mfupi.

Pili, na hii wengi hawaijui: tiketi za kikao kwenye TLS 1.2. Ili mgeni akirudi asianze handisheki upya, seva inaifunga siri kuu ya kikao kwa ufunguo wake wa tiketi, inampa mgeni akae nayo. Sasa kwenye 1.2 tiketi hiyo inatumwa kabla usimbaji haujaanza, yaani ipo kwenye rekodi ya yule jamaa wa Januari. Ufunguo wa tiketi ukikaa miezi bila kubadilika, mfano umeandikwa kwenye faili ili seva kumi zitumie mmoja, basi akiupata huo anafungua tiketi, anachukua siri kuu, na ECDHE yako yote imepita bure. Umefunga mlango wa mbele kwa makufuli matatu alafu dirisha la jikoni liko wazi. TLS 1.3 imeziba hili kwa sehemu kubwa, tiketi inatumwa ikiwa imeshasimbwa, haibebi siri ya kikao kilekile, na kikao kinachofuata kwa kawaida kinafanya Diffie-Hellman mpya juu yake. Ile data ya mapema inayotumwa na meseji ya kwanza kabisa ndo haipati kinga hiyo, na inaweza kurudiwa na mtu, kwahiyo kama huihitaji izime.

Tatu, kompyuta ya kwanta ikija kuwa kubwa ya kutosha itaivunja X25519, na hapo rekodi za leo za seva B nazo zinafunguka. Ndo maana kuna kundi jipya `X25519MLKEM768` linalochanganya hesabu mbili, mvamizi avunje zote ndo apate siri. Gharama yake ni ukubwa, brauza inatuma baiti 1216 badala ya 32, kwahiyo `ClientHello` mara nyingi inagawanyika paketi mbili na vifaa vya zamani njiani vingine vinachanganyikiwa. Utaijua hiyo dalili: muunganiko unaning'inia mwanzoni kabisa, ukizima kundi hilo unapita. Na ona, kwenye upande wa vyeti hakuna haraka ya namna hiyo, kwa sababu saini inatakiwa isimame dakika ile ya handisheki tu, mtu akija kuivunja miaka ishirini baadae hawezi kurudi nyuma kujifanya wewe. Siri ndo inatakiwa iishi muda mrefu kuliko sisi tunavyodhani.

Sasa chagua

Kama wageni wako wote ni brauza na apu za miaka ya karibuni, weka TLS 1.3 na umemaliza mjadala. Huchagui tena namna ya kubadilishana ufunguo, na handisheki inaisha kwa safari moja ya kwenda na kurudi badala ya mbili, kwa sababu brauza inatuma namba yake ya Diffie-Hellman kwenye meseji ya kwanza kabisa bila kusubiri. Hata cheti kinapita kikiwa kimeshasimbwa. Utaona pia majina yamekuwa mafupi, `TLS_AES_128_GCM_SHA256`, hakuna RSA wala ECDHE humo, maana ubadilishanaji wa ufunguo na saini vinajadiliwa sehemu nyingine.

Kama una vifaa vinavyohitaji 1.2, iache 1.2 lakini kwa ECDHE tu. Kwa nginx inatosha hivi:

```
ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;
ssl_ciphers ECDHE-ECDSA-AES128-GCM-SHA256:ECDHE-RSA-AES128-GCM-SHA256;
ssl_session_tickets off;
```

Na kuna njia ya mkato naipenda: chukua cheti cha ECDSA badala ya RSA. Ufunguo wa ECDSA unajua kusaini tu, haujui kufungua bahasha, kwahiyo RSA tupu haiwezi kutokea hata mtu mwingine akija kuharibu konfigi yako baadae. Kusaini kwa seva ni kwepesi zaidi na saini ni kama baiti 70 hivi dhidi ya 256 za RSA ya biti 2048. Ukiwa na mteja wa zamani asiyeijua ECDSA, nginx inakubali vyeti viwili pamoja na inampa kila mtu anachokiweza, ila hapo ule mkato umeupoteza, rudi kwenye orodha ya mitindo.

Ukimaliza usiamini konfigi, iulize seva. Hii inajaribu kulazimisha RSA tupu, weka domeni yako:

```
openssl s_client -connect example.com:443 -servername example.com -tls1_2 -cipher kRSA
```

Ukiona `handshake failure`, safi, seva imekataa. Ukiona `Cipher is AES256-GCM-SHA384` au jina jingine lisilo na ECDHE wala DHE mbele, bado ipo. Ila soma vizuri, ukiambiwa `no cipher match` hiyo si seva imekataa, ni OpenSSL ya kwako haikuwa na mtindo huo wa kutuma, haijafika hata kuuliza, tafuta mashine nyingine. Alafu rudia amri bila `-tls1_2` na `-cipher`, tafuta mstari wenye `Temp Key`, ukikuta `X25519, 253 bits` hiyo ndo aina ya ile namba ya mara moja tuliyoizungumza. Namba yenyewe haionyeshwi hapo, kwahiyo ukiiendesha tena mstari utabaki ule ule ingawa namba itakuwa nyingine.

Na kama kuna kifaa kitakachokatika ukizima RSA tupu, usiibakishe kwenye seva nzima kwa ajili yake. Mpe domeni ndogo ya peke yake yenye cheti chake na ufunguo wake tofauti, ili siku huo ufunguo ukivuja historia itakayofunguka iwe ya hicho kifaa tu.